SOMO: Kutafsiri kabrasha la zabuni bila kumponza mteja

Wakuu habari za jioni. Nimetoka kumaliza kabrasha la zabuni ya halmashauri moja huku Tanzania, ujenzi wa madarasa mawili, Kiingereza kwenda Kiswahili. Mteja ni mkandarasi mdogo, kazi anaijua vizuri ila Kiingereza cha kisheria kinampiga chenga. Tarehe na viwango nimebadilisha, mitego ni ileile.

Hatua ya 1: hakikisha una toleo la mwisho. Mwambie mteja aingie NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, akaunti ni yake, aangalie kama kuna marekebisho yametoka baada ya tangazo. Mimi nilishafika ukurasa wa kumi ndo naambiwa tarehe imesogezwa mbele.

Hatua ya 2: saa. Hapa ndo watu wanaumia. Tangazo linasema mwisho ni 10:00 a.m., mtafsiri mvivu anaandika "saa 10:00", mkandarasi anasoma saa kumi jioni kama sisi wote tunavyosoma, anakuja kupakia nyaraka saa tisa mchana na mfumo ulishafunga tangu asubuhi. Andika "saa 4:00 asubuhi" na asubuhi usiiache. Mimi naandika hivi: "kabla au ifikapo saa 4:00 asubuhi, Jumanne tarehe 14", halafu nafungua kalenda kuona kama tarehe 14 kweli ni Jumanne. Ikiwa si Jumanne sirekebishi, namwambia mteja.

Hatua ya 3: masharti ya ustahiki. Tafsiri taratibu, kaneno kamoja kanamtoa mtu. Kabrasha langu lilitaka mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa Bodi ya Wakandarasi daraja la tano "na juu". Ukiandika "daraja la tano na kuendelea" msomaji anahesabu tano, sita, saba. Kumbe kwa bodi daraja la kwanza ndo kubwa na la saba ndo dogo, kwa hiyo wanaoruhusiwa ni wa tano, nne, tatu, pili na kwanza. Umemwalika wa daraja la saba kwenye kazi asiyostahili, ahangaike wiki nzima bure. Niliandika "daraja la tano au daraja kubwa kuliko hilo".

Sharti lingine lilikuwa mauzo ya mwaka yasiyopungua milioni 150 katika miaka miwili yoyote kati ya mitatu iliyopita. Usiandike "zaidi ya milioni 150" maana mwenye 150 kamili anafaulu na wewe umemfelisha. "Yoyote" nayo usiitupe, bila hiyo mtu anadhani ni miwili ya mwisho. Na ni mauzo jamani, sio faida.

Hatua ya 4: lazima na hiari. "Itakataliwa" na "inaweza kukataliwa" ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza taasisi nunuzi haina ujanja, ya pili ina hiari. Chagua neno moja kwa kila kimoja ulishike mpaka mwisho, usibadilishe eti ili sentensi ipendeze, hii si riwaya. Pia dhamana ya zabuni inatoka benki au bima na ina gharama, ila tamko la dhamana ya zabuni ni fomu tu unasaini. Ukiziita zote "dhamana" umempeleka mtu benki bure.

Hatua ya 5: uhakiki. Mtu mmoja asome namba, tarehe na madaraja kwa sauti kutoka kabrasha la asili, mwingine afuatilie kwenye tafsiri. Usihakiki peke yako usiku, jicho linasoma linachotaka.

MASWALI

Binti Kigamboni: Kaka, zabuni idumu siku 120. Naweza kumpigia hesabu nimwekee tarehe kabisa?

Jibu: Ndani ya tafsiri hapana dada. Andika "siku 120 kuanzia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha zabuni". Hiyo tarehe ikisogezwa, hesabu yako inageuka uongo. Mpigie kwenye meseji pembeni.

Mzee wa Kalamu: Maelekezo yanasema siku 120, jedwali la taarifa za zabuni linasema 90. Nirekebishe?

Jibu: Shikamoo mzee. Acha zote mbili kama zilivyo. Kwa kawaida jedwali ndo linashinda maelekezo ya jumla, lakini si sisi wa kuamua. Mteja aombe ufafanuzi kwa taasisi kabla muda wa kuuliza haujaisha, nao una tarehe yake humo humo.

Fundi Mwanza: Sasa fomu si nazijaza kwa Kiswahili hichohicho?

Jibu: Soma kifungu cha lugha ya zabuni kwanza. Kikisema Kiingereza, fomu unajaza kwa Kiingereza, tafsiri inabaki ya kukusaidia kuelewa. Mimi naandika hilo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, baada ya mteja mmoja kupakia tafsiri yangu badala ya kabrasha.