Ugomvi wa laini ya maji: mchezo wa vikaragosi kwa Gredi ya 1 hadi ya 3

Mchezo huu unatosha kipindi kimoja cha dakika 30. Wahusika ni wawili tu, vikaragosi vya soksi Bluu na Njano, wanaoitwa kwa rangi zao. Usiwape majina ya watu: darasani Nairobi jina hutaja kabila, na huenda kuna mtoto mwenye jina hilo hilo. Wanyama wa hadithi pia hawafai. Ukimleta Fisi, watoto wameshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

1. Soksi

Tafuta soksi mbili ndefu. Za mitumba kutoka Gikomba zinafaa, mradi zifike katikati ya mkono; fupi huteleza na ngozi ikaonekana. Kata kadibodi ya umbo la yai, upana wa vidole vinne, ikunje katikati, iingize hadi ncha ya soksi: vidole vinne juu, gumba chini. Shona kingo zake kwa uzi. Gundi siipendekezi, kwani mkono ukitoa jasho kadibodi hubanduka katikati ya mchezo. Vifungo vya macho navyo vishonwe kwa nguvu, maana kikidondoka mtoto anaweza kukimeza.

Kikaragosi kikizungumza, shusha gumba kwa kila silabi. Ukiinua vidole vya juu badala yake, kikaragosi kitakuwa kinaongea na dari.

2. Karatasi

Kila watoto wawili watengeneze kikaragosi kimoja kwa pakiti tupu ya unga ya kilo 2. Kung'uta, geuza ndani nje, chora uso kwenye kitako kilichokunjwa. Mkunjo ndio mdomo.

3. Ugomvi

Tandaza leso juu ya viti viwili, ukae nyuma yake. Bluu yuko wa kwanza kwenye laini ya mfereji, anakumbuka chupa yake imebaki darasani, anakimbia kuichukua. Njano anafika, haoni mtu, anasimama. Bluu anarudi.

"Toka, hapo ni pangu!"
"Wacha kunikatia laini!"
"Nilikuwa hapa!"
"Hukuwa!"

Simamisha mchezo hapo hapo. Yote hayo yasizidi dakika mbili.

4. Kusimamisha mchezo

Hapa ndipo kipindi hufaulu au huharibika. Vikaragosi vibaki vimeganda huku wewe ukitoa kichwa juu ya leso. Usiulize "Nani ana makosa?" Darasa litagawanyika pande mbili na kupiga kelele, na hutalirudisha tena. Uliza kwa mpangilio huu: Bluu aliona nini? Njano aliona nini? Kila mmoja anataka nini sasa? Watoto wakigundua wenyewe kwamba Njano hakumwona Bluu akitoka, sauti hushuka. Ndiyo maana kila mhusika lazima awe na sababu ya kweli. Ukimfanya mmoja mchokozi, kinachobaki ni adhabu tu.

Jibu la kwanza karibu kila mara ni "Waseme pole." Usilikatae, lijaribu. Bluu aseme "Pole," kisha abaki pale pale amemziba Njano. Uliza, "Na maji je?" Wataona kwamba ugomvi bado upo. Wakisema "Tumwite mwalimu," jibu kwamba mwalimu yuko ofisini na kengele inakaribia kulia.

Sasa wape watoto wawili soksi. Aliyemtetea Bluu avae Njano, na wa Njano avae Bluu. Wape sehemu tatu za kusema: niliona, nilihisi, naomba. Kwa mfano: "Niliona umesimama pangu. Nilikasirika. Naomba nijaze kwanza, halafu nikushikie chupa yako." Mwenzake ana haki ya kukataa na kutoa ombi lake. Jaribu suluhisho mbili au tatu, hata dhaifu, kwa sababu watoto hujifunza kwa kuona lipi limekwama.

Soksi zitapigana. Darasa likicheka, kila jozi inayofuata itataka kicheko hicho, na mapigo ndiyo yatakayokumbukwa. Weka kanuni mapema: kikaragosi kikipiga, kinalala. Kivue bila kukemea, kiweke chini, mwite mtoto mwingine.

5. Jozi

Kwa dakika kumi za mwisho, kila jozi iigize ugomvi wake kwa kupokezana kikaragosi cha karatasi: anayekivaa husema, mwenzake husikiliza. Kusubiri zamu ni sehemu ya zoezi, kwa hiyo usiwape viwili.

Tembea ukisikiliza. Mchezo huu ni wa watoto wenye nguvu sawa. Ukisikia kikaragosi kikisimulia mkubwa anayenyang'anya wadogo chakula kila siku, au mtu anayempiga mtoto nyumbani, usiwaambie wapatane. Mwite mtoto huyo pembeni baada ya kipindi, bila soksi, umsikilize, kisha mfikishe kwa mwalimu wa ushauri siku hiyo hiyo.