SOMO: Chai na mkate wa majarini au uji wa karanga? Piga hesabu yote

Swali hili la mlo upi kati ya hii miwili ni nafuu halikauki, kwa hiyo naliandika mara moja. Kabla ya kuuliza tena, soma.

1. Tafuta mizani ya jikoni.

2. Soma kwenye lebo namba za kila gramu 100, zidisha kwa gramu zako, gawa kwa 100.

3. Pima unga ukiwa mkavu. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Gramu 60 za unga wa mahindi ni kalori 220 hivi, lakini zikishapikwa zinajaza bakuli la gramu 500. Ukipima uji ulioiva kisha ukatumia namba za unga, utapata kalori zaidi ya 1,800. Ukiona namba ya namna hiyo, umepima maji. Majarini nayo inadanganya, kwa sababu kijiko cha mlima si kijiko cha kusawazisha. Weka kopo kwenye mizani, chota, paka, pima tena: kilichopungua ndicho ulichokula.

4. Jumlisha, pamoja na sukari.

Mfano. Slesi 4 za mkate mweupe (gramu 120), majarini gramu 20, chai ya rangi yenye sukari gramu 10: kalori 500, protini 11, mafuta 20, wanga 69. Uji wa unga gramu 60, karanga gramu 40, sukari gramu 10: kalori 490, protini 15, mafuta 22, wanga 61.

Kalori ni zilezile, na mafuta hayapishani sana. Kinachoamua ni protini. Sasa chukua gharama ya kila mlo, ukiongeza moto wa kupikia uji, gawa kwa gramu za protini. Namba ndogo ndiyo nafuu.

Jogoo_la_asubuhi: Kwa hiyo uji haunenepeshi?

Mwandishi: Kalori 490 dhidi ya 500. Zimo kwenye mfano.

Sufuria: Mimi natia karanga kiganja kimoja, inatosha?

Mwandishi: Kiganja cha nani? Rudi hatua ya 1.

Mama Pacha: Nikinywa chai ya maziwa je?

Mwandishi: Swali zuri, maana linageuza matokeo. Mililita 200 za maziwa yasiyotolewa mafuta zinaleta protini 6 au 7 na kalori 120 hivi. Mkate unafika protini 17 na kuupita uji, ila kalori nazo zinapanda hadi 620. Ukitaka kalori zibaki palepale, punguza slesi moja na nusu. Protini itashuka hadi 13 au 14. Na maziwa yaingie kwenye gharama.

Sufuria: Karanga zangu za kusaga zinafanya mabonge.

Mwandishi: Zikoroge kwanza na maji baridi kidogo, utie uji ukikaribia kuiva. Na chambua kabla ya kusaga: zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.