Somo: Kupanga zamu ya dharura ili mtu asikae wiki mbili mfululizo, na kumlipa kila anapoamshwa

Nilikaa karibu mwaka mzima kwenye ratiba iliyosema kila mhandisi yuko zamu wiki moja kati ya sita. Timu ilikuwa ya watu sita, hesabu ilionekana sawa, na bado kila mtu alikuwa hoi. Siku moja nilifungua kalenda yangu nikapaka rangi kila wiki niliyolazimika kulala na simu karibu na mto. Rangi zilikuja mbilimbili: wiki mbili zimeshikana, kisha nne tupu, kisha mbili tena. Hakuna aliyetudanganya. Ratiba ilihesabu kiti kimoja wakati viti vilikuwa viwili.

Hatua ya 1: Hesabu viti kabla ya kuhesabu watu

Zamu nyingi zina mshika simu, anayeitwa kwanza, na msaidizi, anayeitwa mshika simu asipopokea, tuseme ndani ya dakika tano. Msaidizi haitwi mara nyingi, lakini naye hawezi kwenda mahali pasipo na mtandao. Kwa hiyo wiki ya usaidizi ni wiki ya zamu, na ukianza kuitoa kwenye hesabu ndipo mambo yanapoharibika.

Ratiba yetu ilikuwa hivi:

```
wiki,wa_kwanza,wa_pili
1,A,B
2,B,C
3,C,D
```

Mtazame B. Wiki ya kwanza ni msaidizi, ya pili ameshika simu. Mpangilio huu unapendwa kwa sababu mtu anaanza kuzoea hali ya mifumo kabla simu haijamwangukia, na faida hiyo ni ya kweli. Ila gharama yake ni kwamba kila mmoja anakaa wiki mbili mfululizo, daima. Tiba ni kumsogeza msaidizi mbali na zamu yake mwenyewe. Kwa watu sita, msogeze nafasi tatu:

```
wiki,wa_kwanza,wa_pili
1,A,D
2,B,E
3,C,F
4,D,A
5,E,B
6,F,C
```

Sasa A yuko zamu wiki ya 1, ya 4, ya 7, na kuendelea. Idadi ya wiki ni ileile, lakini kila wiki moja ya zamu inafuatwa na mbili za kulala. Ile faida ya kuzoea tuliirudisha kwa kikao cha dakika ishirini siku ya kukabidhiana: kengele gani zililia, ipi bado haijatibiwa, nini kimebadilishwa kwenye seva.

Kwa watu wanne, msogeze nafasi mbili, utapata wiki moja ndani, moja nje. Inabana, lakini sharti la kutokaa wiki mbili mfululizo linashika mpaka mmoja aende likizo. Hapo wanabaki watatu kwa viti viwili, na kila wiki ni mmoja tu ambaye hakuwa zamu wiki iliyopita. Kiti cha pili lazima kiende kwa mtu aliyetoka zamu jana. Ndiyo maana nasema watano ndio chini kabisa. Wahandisi wa Google, katika kitabu chao cha 2016 kuhusu kazi hii, wanashauri wanane kwa timu iliyo mahali pamoja, na matukio yasiyozidi mawili kwa zamu ya saa 12.

Hatua ya 2: Andika sharti, kisha likague kwenye zamu zilizokaliwa

Sharti letu lilikuwa sentensi moja: hakuna mtu anayeshika kiti chochote katika wiki mbili zinazofuatana, na kubadilishana zamu kunahesabika. Kipande cha mwisho ndicho chenye kazi. Ratiba iliyopangwa karibu kila mara ni safi. Uchafu huingia E anapomwomba C amshikie wiki, C anakubali kwa roho safi, na wote wawili wanasahau kwamba wiki ya C ndiyo imeisha jana.

Kwa hiyo usikague mpango. Toa kwenye programu ya zamu orodha ya waliokaa kweli, pamoja na mabadiliko yote, uipitishe hapa:

```python
import csv
from collections import defaultdict

zamu = defaultdict(set)
for r in csv.DictReader(open("zamu.csv")):
    for kiti in ("wa_kwanza", "wa_pili"):
        zamu[r[kiti]].add(int(r["wiki"]))

for jina, wiki in zamu.items():
    for w in sorted(wiki):
        if w + 1 in wiki:
            print(jina, w, w + 1)
```

Isipochapisha kitu, sharti limeshika. Tahadhari moja: namba za wiki ziende mbele bila kurudi nyuma. Ukitumia wiki za mwaka, ya mwisho wa Desemba na ya 1 ya Januari hazitaonekana kama zinafuatana, na kipindi hicho cha likizo ndicho watu hubebeshwa zamu mbili.

Hatua ya 3: Tenganisha malipo ya kukaa tayari na malipo ya kuitwa

Ni vitu viwili. Kukaa tayari ni uhuru uliouuza: husafiri, huzimi simu, laptopu unatembea nayo. Kuitwa ni kazi yenyewe. Ukivilipa kwa fungu moja la wiki, aliyelala usingizi wote na aliyeamshwa mara sita wanapata sawa, na baada ya miezi michache watu wanaanza kuzikwepa wiki wanazojua ni mbaya.

Mimi napenda kuhesabu kwa saa, si kwa fedha, maana saa hazigombanishi watu wa mishahara tofauti. Viwango hivi ni mfano, panga vyenu: kukaa tayari ni asilimia 10 ya malipo ya saa, na kazi ya mwito ni saa moja na nusu kwa kila saa. Kila mwito una kiwango cha chini cha saa moja, hata kama ulimalizika kwa dakika nane, kwa sababu usingizi haurudi dakika ya tisa. Mwito mwingine ukija ndani ya saa hiyohiyo, unaunganishwa na wa kwanza.

Tuchukue wiki ya mhandisi A. Wiki ina saa 168. Ukitoa 40 za ofisini zinabaki 128 za kukaa tayari, na asilimia 10 yake ni saa 12.8.

Usiku wa Jumanne, saa nane na dakika kumi, diski ya seva ya logi ilijaa. Alifanya kazi dakika 25, akarudi kitandani. Saa tisa kasoro dakika kumi ikalia tena, dakika 15 nyingine. Ya pili imo ndani ya saa ya kwanza, kwa hiyo zote mbili ni saa 1. Alhamisi saa tatu usiku ililia kengele ya uongo, akaizima kwa dakika kumi: saa 1. Jumamosi hifadhidata ilianguka saa kumi na moja alfajiri, akaisimamisha saa moja na nusu asubuhi: saa 2.5. Jumla 4.5, mara 1.5, ni saa 6.75.

Pamoja na kukaa tayari anapata saa 19.55. Mwezi wa kazi una wastani wa saa 173, kwa hiyo wiki ile ilimwongezea kama asilimia 11 ya mshahara wa mwezi. Kengele ya uongo imelipwa kama ya kweli, kwa makusudi. Aliyeitwa hakuwa na njia ya kujua ni ya uongo kabla ya kuitikia.

Hatua ya 4: Fedha haifuti usingizi

Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2003 kuhusu muda wa kazi yanataka saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Hata pasipo na sheria hiyo, namba hii inafaa kuazimwa. A alimaliza kazi ya Jumanne saa tisa na dakika tano usiku. Ukiongeza saa 11, anarudi kazini saa nane na dakika tano mchana, na saa za asubuhi hazikatwi popote. Asubuhi hiyo msaidizi anashika simu. Ukiacha A aombe ruhusa, hataomba. Iandikwe kwamba kuja mapema ndiko kunakohitaji ruhusa.

Maswali ya wanachama

Mkuu, sisi tuko watatu tu. Tufunge virago?

Ondoeni kiti cha msaidizi usiku. Mmoja anashika simu, wiki moja ndani na mbili nje, na asipopokea, mwito unakwenda kwa meneja. Kisha pitieni orodha ya kengele mbakize zile tu ambazo kuchelewa hadi asubuhi kunamuumiza mtumiaji. Diski iliyofika asilimia 80 iwe tiketi, isimwamshe mtu. Watatu hawawezi kubeba viti viwili bila kuvunja sharti, hata mkipanga kwa ustadi gani.

Kuna mwenzetu anaomba wiki mbili mbili mwenyewe, anahitaji hela. Tumnyime?

Tulimnyima wetu, akanuna. Lakini mpeni wiki zaidi kwa mwaka kama wengine wanaziachia, ilimradi zisishikane. Mkimruhusu mmoja, mwezi ujao anayekataa wiki ya pili ataonekana mvivu, na hapo hiari imekwisha.

Kulipa kila mwito si kuwafanya watu waache kengele zilie ili wale?

Hofu hii huletwa na watu wa fedha. Kuunganisha miito ya saa moja kunaziba sehemu kubwa, kwa sababu kengele inayolia mara tisa kwa mfululizo inalipa kama moja. Sehemu iliyobaki izibwe na bajeti: malipo ya mwito yatoke kwa timu inayomiliki huduma iliyolia. Kengele ya diski iliyotusumbua miezi mitano ilitibiwa ndani ya siku nne baada ya gharama yake kuhamishiwa kwa waliokuwa wakijaza logi.

Wiki ikipita kimya kabisa bado nilipwe?

Ndiyo, zile saa 12.8. Mlinzi halipwi kwa idadi ya wezi.

Mhasibu amenikatalia mwito mmoja, anasema muda haulingani na rekodi. Nimekosea wapi?

Ndugu, nadhani uliandika "saa 2:10 usiku" kwa sababu skrini ilionyesha `02:10`. Yeye alisoma saa mbili usiku, yaani `20:10`, akatafuta kwenye rekodi hakuona kitu. Kwetu ilitokea mara mbili. Kwenye fomu nakili muda kama ulivyo kwenye programu, tarakimu nne, na uandike kama ni `UTC` au saa za ulipo. Saa zetu za Kiswahili ziache kwenye mazungumzo. Kwa mwito ule uliokataliwa, mpelekee picha ya skrini ya tukio lenyewe.