Chujio la Bloom: jinsi ya kukokotoa «ndiyo ya uongo» na kuieleza mbele ya msaili

Somo hili linaanza na swali ambalo wasaili wa kazi za uhandisi wa programu hupenda kuliuliza. Programu yetu inazunguka mtandaoni ikikusanya kurasa, na hadi sasa imekwisha kupitia kurasa milioni 100. Kila ukurasa mpya huja na viungo vingi, na kwa kila kiungo programu inapaswa kujua kama imekwisha kukipitia au la. Seva ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu kwa kazi hiyo. Utafanyaje?

Wasailiwa wengi hukimbilia kusema «nitaweka anwani zote katika seti», na hilo si kosa la kuanzia. Hata hivyo, tukikadiria kwamba anwani moja ina baiti 80, anwani milioni 100 ni gigabaiti 8 kabla ya kuhesabu gharama za seti yenyewe. Hapo ndipo msaili anaposubiri kusikia chujio la Bloom, lenye jina la Burton Bloom, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala yenye wazo la kukubali makosa machache yanayojulikana ukubwa wake, ili kupunguza sana kumbukumbu inayotumika. Kulitaja jina ni rahisi, lakini kinachopimwa hasa ni kama unajua kosa hilo linaangukia upande gani na ni nani atakayelipia gharama yake.

Hatua ya kwanza: lijenge kwa mkono

Chukua karatasi, uchore visanduku kumi vyenye namba 0 hadi 9, na kila kimoja ukiandikie sifuri. Hiyo ndiyo safu yetu ya biti. Vitu tutakavyoviweka ni namba za tarakimu tatu, na kila tarakimu itatuonyesha kisanduku cha kuwasha, yaani cha kuandikiwa moja.

Weka 274: visanduku 2, 7 na 4 vinawaka. Weka 419: visanduku 1 na 9 vinawaka, na cha 4 kilikuwa kimewaka tayari, kwa hiyo hakibadiliki. Sasa vinavyowaka ni 1, 2, 4, 7 na 9.

Uliza kama 385 imo. Kisanduku cha 3 kimezimwa, na kama namba hiyo ingewahi kuwekwa, kingewaka. Jibu ni hapana, nayo ni hapana ya hakika. Kisha uliza kama 291 imo. Kisanduku cha 2 kinawaka, cha 9 kinawaka na cha 1 kinawaka, kwa hiyo chujio linajibu ndiyo, ingawa hatukuwahi kuiweka 291. Biti zake ziliwashwa na wenzake wawili, kila mmoja kwa sehemu yake. Hiyo ndiyo ndiyo ya uongo, na sasa umeiona ikizaliwa. Kwa sababu hiyo «ndiyo» ya chujio isomwe kama «huenda imo», ilhali «hapana» yake inabaki hapana.

Katika kazi halisi hatutumii tarakimu, kwa sababu 274 na 472 zingegongana kila mara. Tunatumia heshi inayotawanya anwani sawasawa katika safu nzima. Hatuhitaji kuwa na heshi saba tofauti ili kupata nafasi saba. Mbili zinatosha, kisha tunazichanganya:

```python
import hashlib

def nafasi(anwani, k, m):
    d = hashlib.sha256(anwani.encode()).digest()
    a = int.from_bytes(d[:8], "big")
    b = int.from_bytes(d[8:16], "big")
    return [(a + i * b) % m for i in range(k)]
```

Hapa `m` ni idadi ya biti na `k` ni idadi ya nafasi zinazowashwa kwa kila anwani.

Hatua ya pili: pima ukubwa

Unahitaji kujua mambo mawili tu: idadi ya vitu, `n`, na kiwango cha ndiyo za uongo unachokivumilia, `p`. Mengine yanatoka humo:

```
m = -n * ln(p) / (ln 2)^2
k = (m / n) * ln 2
```

Kwa `p` ya asilimia 1, kila kitu kinahitaji takriban biti 9.6, na `k` inakuwa 7. Kwa anwani zetu milioni 100 hiyo ni kama megabaiti 120. Ukitaka kosa lipungue mara kumi, hadi asilimia 0.1, utahitaji biti 14.4 kwa kila kitu, nafasi 10, na megabaiti 180 hivi. Inafaa kukumbuka mbele ya msaili kwamba urefu wa anwani haukuingia popote katika hesabu, kwa kuwa chujio haliitunzi anwani yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kukuorodheshea vilivyomo.

Chujio lililopimwa vizuri, likishafikisha idadi uliyoikusudia, huwa na karibu nusu ya biti zake zikiwaka. Hiyo ni njia nyepesi ya kulikagua likiwa kazini: hesabu biti zinazowaka. Tuseme kurasa zimeongezeka hadi milioni 200 na wewe hujaligusa chujio. Biti zinazowaka zitakuwa kama asilimia 77, na ndiyo za uongo zitapanda kutoka asilimia 1 hadi karibu asilimia 16. Programu haitatoa onyo lolote na haitasimama. Itaendelea kujibu ndiyo, na wewe utaona tu kwamba kurasa mpya zinapungua bila sababu inayoeleweka.

Hatua ya tatu: soma asilimia ile kwa usahihi

Hapa ndipo hata wazoefu wanapoteleza. Asilimia 1 haina maana kwamba kati ya ndiyo mia moja, moja ni ya uongo. Maana yake ni kwamba kati ya vitu mia moja ambavyo havimo, kimoja hivi kitajibiwa ndiyo.

Tuone tofauti yake. Katika programu yetu ya kurasa, viungo vingi ni vya kurudiwa. Tuseme kati ya viungo 1,000,000 vilivyoulizwa, 900,000 vimekwisha kupitiwa na 100,000 ni vipya. Asilimia 1 ya vipya ni 1,000, kwa hiyo ndiyo za uongo ni 1,000 kati ya ndiyo 901,000, yaani kama moja kati ya 900. Sasa lichukue chujio lile lile uliweke mbele ya faili moja la data kwenye diski, ambalo linaulizwa mara 1,000,000 lakini lina majibu ya maswali 10,000 tu. Asilimia 1 ya 990,000 ni 9,900. Jumla ya ndiyo ni 19,900, na karibu nusu yake ni uongo. Hesabu hazijakosewa na chujio halijaharibika; kilichobadilika ni mchanganyiko wa maswali.

Hatua ya nne: mweleze msaili ndiyo ya uongo inagharimu nini

Katika hifadhidata kama Cassandra, na katika injini kama RocksDB, data hukaa katika mafaili mengi kwenye diski, na kitu unachokitafuta huwa hakimo katika mengi ya mafaili hayo. Chujio la kila faili hukaa kwenye kumbukumbu na kusema «humu usihangaike». Likikosea, hifadhidata inasoma diski mara moja bure, inakuta hakuna kitu, na mtumiaji anapata jibu sahihi kama kawaida. Gharama ni muda kidogo tu. Nadhani huo ndio mfano safi kuliko yote wa kumpa msaili, kwa sababu nyuma ya chujio upo ukweli wa kuuthibitishia.

Programu ya kurasa ni tofauti. Ndiyo ya uongo maana yake ni ukurasa mpya kurukwa, na kwa kuwa anwani ile ile hupata nafasi zile zile kila mara, utaendelea kurukwa hadi chujio lijengwe upya. Ukisema «basi nitathibitisha kila ndiyo kwenye diski», msaili makini atakukumbusha kwamba ndiyo ndizo majibu mengi hapa, kwa hiyo karibu kila kiungo kitakupeleka diskini na chujio litakuwa limekuokolea kidogo sana. Jibu ninaloliamini ni kukubali wazi kwamba kurasa chache zitakosekana, kuchagua asilimia 0.1 kwa kuwa megabaiti 60 za ziada zinapatikana, na kulijenga chujio upya kwa vipindi kwa kutumia heshi zilizochanganywa na namba nyingine, ili kurasa zilizorukwa safari hii zisiwe zile zile safari ijayo.

Kwa hiyo msaili anapotaja vitu vingi visivyoenea kwenye kumbukumbu, maswali ya «limo au halimo», na kosa la upande mmoja linalovumilika, anakuelekeza huku. Akitaja vitu laki moja, tumia seti na usitafute makuu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Anwani moja ikiondolewa, siwezi kuzizima biti zake?

Jibu: Rudi kwenye karatasi yako, ndugu. Ondoa 419 kwa kuzima 4, 1 na 9, kisha uliza 274. Kisanduku cha 4 kimezimwa, na chujio litasema haimo. Umezalisha hapana ya uongo, jambo ambalo chujio liliahidi halitatokea kamwe. Ukihitaji kufuta, weka kihesabio kidogo, mara nyingi cha biti 4, mahali pa kila biti, na ukubali kumbukumbu mara nne. Au tumia chujio la kekeo, kwa Kiingereza `cuckoo filter`, lililoitwa kwa jina la ndege huyo, ambalo hutunza alama fupi ya kila kitu na huweza kuifuta. Hata hapo, usifute kitu ambacho huna hakika kilikuwamo.

Swali: Naomba kuuliza. Chujio langu linasema hapana kwa vitu nilivyoviweka mwenyewe jana. Inawezekanaje?

Jibu: Kwa kanuni haiwezekani, kwa hiyo tafuta hitilafu kwenye programu. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa jambo hili: nilitumia `hash()` ya Python, nikahifadhi safu ya biti kwenye faili, na baada ya kuwasha upya kila ukurasa ukaonekana mpya. Python hubadilisha heshi za maandishi kila programu inapoanza, isipokuwa umeiweka `PYTHONHASHSEED`. Ndiyo sababu juu nimetumia `hashlib`.

Swali: Nimeulizwa kwenye usaili kuhusu kuzuia muamala wa simu usilipwe mara mbili, nikajibu chujio la Bloom. Msaili hakuridhika. Nilikosea wapi?

Jibu: Ukilitegemea chujio peke yake, ndiyo ya uongo ina maana kwamba mteja ametuma fedha na mfumo umeukataa muamala wake halali kwa kudhani umerudiwa. Na seva ikizimika kabla chujio halijahifadhiwa, muamala uliorudiwa utapita. Hapo kinachotakiwa ni hifadhidata yenye sharti la namba ya muamala kutojirudia. Chujio linaweza kukaa mbele yake kupunguza usomaji, lakini sharti lile litabaki pale pale, na mara nyingi linatosha.

Swali: Je, linaweza kunihesabia wageni tofauti waliotembelea tovuti kwa siku?

Jibu: Hilo ni swali la «wangapi», na muundo wake ni `HyperLogLog`. Katika Redis unaweka kwa `PFADD` na kusoma kwa `PFCOUNT`. Hutumia kilobaiti 12 tu, na kosa lake la kawaida ni asilimia 0.81. Tofauti na chujio, kosa hilo laweza kuwa juu au chini ya idadi halisi, kwa hiyo usilitumie kukata ankara ya mteja.