Lebo inasema "inashusha kolesteroli": namna ya kuisoma kabla ya kulipa

Katika frigo za maduka makubwa ya Lubumbashi utakuta margarini na yaurti za aina nyingi, lebo zake zikiwa za Kifaransa au za Kiingereza, na kadhaa zimechorwa moyo mwekundu. Moyo huo kila kiwanda kinaweza kuuchora. Geuza kopo, utafute gramu za steroli au stanoli za mimea, ndizo zinazoshusha kolesteroli.

1. Tafuta steroli yenyewe

Katika orodha ya viambato, tafuta neno lenye herufi s-t-e-r-o-l au s-t-a-n-o-l. Angalia vizuri: herufi hizo za kwanza zimo pia ndani ya jina la kolesteroli kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kopo lililoandikwa "haina kolesteroli" halijaahidi kushusha chochote. Margarini ya mafuta ya mimea haina kolesteroli ya kutajika tangu mwanzo, kwa hiyo maneno hayo yangeweza kubandikwa hata kwenye chupa ya mafuta ya alizeti. Kama hakuna steroli wala stanoli za mimea zilizoongezwa, lirudishe kopo. Hiyo ni margarini ya kawaida kwa bei ya juu.

2. Jua gramu ni za nini

Kiasi huandikwa kwa gramu 100 au kwa kipimo kimoja cha kula. Soma kama ni steroli zenyewe au ni esteri za steroli. Esteri ni steroli iliyofungwa pamoja na asidi ya mafuta ili iyeyuke vizuri ndani ya margarini, na uzito wa asidi hiyo hauhesabiwi. Zidisha gramu za esteri kwa 0.6: esteri gramu 12.5 ni steroli gramu 7.5 hivi.

3. Piga hesabu ya siku

Sheria za Ulaya zinaruhusu dai hili pale ambapo mtu anapata gramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Kati ya 1.5 na 2.4, kolesteroli mbaya, ile ya LDL, hushuka kwa asilimia 7 hadi 10, baada ya majuma mawili au matatu.

Tuseme kopo ni la gramu 250, na lebo inaonyesha steroli gramu 7.5 katika kila gramu 100. Gramu 10 za margarini, yaani vijiko viwili vya chai, zina 0.75. Vipimo viwili vinafika 1.5, vitatu vinafika 2.25. Anayepaka mkate mara moja asubuhi, safu nyembamba ya gramu 5, anapata 0.37 tu, amelipa bei ya steroli bila kupata kazi yake. Kwa gramu 30 kila siku kopo linatosha siku nane hivi, basi zidisha bei kwa nne ndipo ujue gharama ya mwezi.

Yaurti ya kunywa yenye gramu 1.6 inatosha peke yake. Ukiichanganya na vipimo vitatu vya margarini utafika 3.85, umepita kikomo cha 3, na ziada hiyo haishushi zaidi kwa kiasi cha maana.

4. Kula pamoja na chakula

Steroli inafanana na kolesteroli, na ndani ya utumbo inaigombania nafasi katika vichembe vya mafuta na nyongo vinavyoipeleka mwilini. Kolesteroli iliyokosa nafasi hutoka na choo. Nyongo humwagika tunapokula, kwa hiyo yaurti inywewe na bukari ya mchana, si tumbo tupu.

Ugombanaji huo huo hupunguza pia karotini inayoingia mwilini, ile rangi ya mboga na matunda ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ndiyo maana lebo inashauri mboga na matunda: lengalenga, matembele, karoti, papai.

5. Soma maonyo

Bidhaa hizi hazikutengenezwa kwa mama mjamzito, anayenyonyesha, wala mtoto wa chini ya miaka 5. Mwenye vidonge vya kolesteroli amwulize daktari, na asiviache. Vidonge vya statini hufanya kazi kwenye ini, steroli kwenye utumbo, haviwezi kubadilishana. LDL ya miligramu 160 kwa desilita ikishuka kwa asilimia 10 inakuwa 144. Kama daktari anataka 100, margarini haitakufikisha.

Tena, lebo halali inaahidi kushusha kolesteroli tu. Ikiahidi kuzuia mshtuko wa moyo imezidisha, maana hakuna jaribio lililoonyesha kwamba walaji wa steroli wanaupata mara chache zaidi.

6. Pima

Pima LDL kabla ya kuanza, kisha baada ya majuma matatu au zaidi, katika maabara ileile. Usibadilishe vyakula vingine wakati huo, la sivyo hutajua kilichoshusha ni kipi. LDL hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia kadhaa, kwa hiyo kabla ya kuamua kwamba kopo halifanyi kazi, rudia kipimo mara moja. Ukiacha kula steroli, LDL inarudi ilipokuwa ndani ya majuma machache.