Posho ya intaneti, umeme na vifaa kwa wanaofanyia kazi nyumbani: namna ya kuilipa isigeuke mshahara

Mimi nashughulika na mishahara, na hili swali linanifikia kila mara: hii posho ya kazi ya nyumbani inakatwa kodi au haikatwi? Jibu linategemea unailipaje, jina uliloipa halisaidii kitu. Ukiandika "posho ya intaneti" kwenye slipu halafu kila mtu anapata kiasi kilekile kila mwezi, bila risiti, mpaka aliye likizo naye anapata, mkaguzi akiona hivyo anaihesabu kama mshahara na anadai kodi yake.

Anachouliza yeye ni kimoja: huyu mtu amerudishiwa pesa aliyoitumia kwa kazi ya mwajiri, au ameongezewa kipato? Sheria za nchi zinatofautiana, zingine zina kiwango maalum kisichohitaji risiti, kama Uingereza ambako mwajiri anaweza kumlipa anayefanyia kazi nyumbani kwa utaratibu mliokubaliana mpaka pauni 6 kwa wiki bila kodi. Kwa hiyo kabla hujafanya chochote angalia kama kwenu kuna kiwango kama hicho. Kama hakipo, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: andika utaratibu kabla ya kulipa. Ukurasa mmoja unatosha: nani anastahili, gharama zipi, ushahidi gani, na kilichozidi kinarudishwa lini. Marekani kwa mfano wanataka mambo matatu, gharama iwe ya kazi, ithibitishwe, na ziada irudishwe, na ukithibitisha ndani ya siku 60 na kurudisha ndani ya siku 120 hakuna atakayekusumbua kuhusu muda. Hata kama hauko huko, huo mpangilio ni mzuri kuuiga.

Hatua ya 2: umeme upigie hesabu. Usilipe bili nzima ya nyumba, maana humo kuna friji, pasi na tivii ya watoto. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa au kwenye chaja, kisha:

```
wati ÷ 1000 × saa × siku = uniti
```

Tuseme laptopu wati 65, skrini ya pili 30 na ruta 10, jumla 105. Saa 8 kwa siku, siku 22:

```
105 ÷ 1000 × 8 × 22 = 18.48
```

Zidisha hizo uniti na bei ya uniti iliyoko kwenye bili, hiyo ndo pesa ya kumrudishia. Namba ya chaja ni kiwango cha juu kabisa, laptopu mara nyingi inakula chini ya hapo, kwa hiyo ukitaka uhakika chomeka kipima umeme wiki moja uweke picha kwenye faili. Watu wengi wanashangaa jinsi kiasi kinavyotoka kidogo, lakini ndo ukweli wa matumizi, na ukilipa mara tatu yake hiyo ziada utashindwa kuitetea.

Hatua ya 3: intaneti, hapa ndo wengi wanakwama. Mtu alikuwa na intaneti nyumbani tangu zamani, analipa pakeji ya mwezi isiyo na kikomo, akaanza kazi ya nyumbani na bili haikubadilika hata senti. Je, gharama imeongezeka? Uingereza wanasema hapana, kwa hiyo ukimrudishia hiyo bili inakatwa kodi. Njia safi zaidi ni kampuni yenyewe ifunge laini kwa jina lake na ilipe moja kwa moja kwa ajili ya kazi, au kama mfanyakazi alipanda pakeji kubwa sababu ya kazi, mrudishie tofauti tu, na muweke bili ya kabla na ya baada pamoja.

Hatua ya 4: vifaa viwe mali ya kampuni. Usimpe hela akanunue kiti na laptopu viwe vyake, hapo kwa kawaida umempa kipato. Kampuni inunue, imwazime, asaini fomu yenye serial namba ya kifaa na tarehe. Akiacha kazi arudishe. Mkimwachia bure, thamani ya soko ya siku hiyo mara nyingi inahesabika kama faida yake na inaingia kwenye kodi, hata kama kwenye vitabu vyenu vya hesabu thamani ya kifaa imeshafika sifuri.

Hatua ya 5: kama ushahidi hauwezekani, kubali kodi ila mwambie mfanyakazi mapema. Mkimwahidi 100 na mkato wake wa juu ni asilimia 30 atapokea 70, atalalamika na ana haki. Ukitaka ashike 100 kamili:

```
100 ÷ (1 - 0.30) = 142.86
```

Tumia asilimia ya ngazi yake ya juu ya kodi, usitumie wastani, na kama kwenu michango ya hifadhi ya jamii nayo inakata kwenye posho bila kupunguza kiasi kinachotozwa kodi, ijumlishe kwenye ile 0.30 kabla hujagawanya.