Mafuta yaliyotumika: pima maji kabla mnunuzi hajapima

Kama unakusanya mafuta yaliyokaangia chipsi ili uwauzie watengenezaji wa dizeli ya mimea, adui yako mkubwa ni maji. Wanapochanganya mafuta na kemikali zao, maji hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni. Ndiyo maana hukata bei au kukataa mzigo.

Mimi maji yaliniingia kupitia dumu. Nililiosha asubuhi, nikalijaza jioni bila kulikausha, na lita 20 nzima zikarudishwa. Siku hizi dumu likishaoshwa nalipindua juani mpaka likauke kabisa. Dumu lililowahi kubeba oili ya injini silitumii hata kidogo.

Jikoni, subiri mafuta yapoe, yachuje kwa kitambaa kikavu, na uache nafasi ya vidole vinne juu ili yasimwagike njiani. Yakimwagika, mwagia maranda ya mbao, usimwage maji.

Kupima ni rahisi. Maji hukaa chini, kwa hiyo ingiza mrija mpaka kwenye kitako cha dumu, uchote kijiko kimoja. Kipashe kwenye kikaango kikavu, ukisimama mbali kidogo. Kikitoa mlio wa tatata na vipovu, kuna maji. Liache dumu litulie siku tatu kivulini, kisha mimina mafuta ya juu taratibu bila kulitikisa. Ukiona tope jeupe linakaribia mdomo, acha hapo hapo. Tope hilo liweke kwenye dumu lake peke yake.